Tangi la Maji na Bomba la Mvua: Liwekwe Wapi?



Mwanachama mwenzetu mmoja ana kijana wake anayefanya kazi Iguguno, mkoa wa Singida, na sasa anajenga nyumba yake ya kwanza huko. Msingi umekwisha, kuta zinapanda, na fundi ameshauri linunuliwe tangi la lita 2000 badala ya lita 1000 ili bomba la mvua bafuni litoe maji kwa nguvu. Mwenzetu ametuuliza kama shauri hilo ni sawa. Kwa kuwa wengi wetu tunajenga, au tunawajengea watoto wetu, tumeona bora tujibu katika ukurasa huu.

Jibu letu ni kwamba ukubwa wa tangi hauongezi nguvu ya maji. Tangi kubwa hukaa muda mrefu kabla ya kwisha, basi. Kinachosukuma maji ni kimo: yaani urefu wa wima kutoka uso wa maji ndani ya tangi mpaka pale maji yanapotoka kwenye bomba la mvua. Kila mita moja ya kimo hutoa sehemu moja ya kumi ya bar, ambayo ndiyo hesabu inayoandikwa kwenye saa ya presha. Kupata bar moja kamili hutaka mita 10, nazo ni nyingi kwa nyumba ya kawaida.

Wala urefu wa nchi hausaidii. Iguguno iko zaidi ya mita 1000 juu ya bahari, na Pemba yetu iko karibu na maji ya chumvi, lakini bomba la mvua halijui habari ya bahari. Linajua tangi lake tu. Tofauti ni kwamba Pemba mtu aweza kuweka tangi mlimani nyuma ya nyumba akapata kimo bila gharama. Kwenye uwanda wa Singida aghalabu kimo lazima kijengwe.

Sasa tufanye hesabu ya nyumba hiyo. Bomba la mvua limekusudiwa kuwekwa mita 2.1 juu ya sakafu. Fundi anataka kumwaga slabu ya zege juu ya bafu, uso wake uwe mita 3 kutoka sakafuni, na tangi likae hapo. Maji ya tangi lililojaa yatakuwa na kina cha kama mita 1.2. Basi tangi likijaa, kimo ni mita 2.1. Likikaribia kwisha, kimo ni sentimita 90 tu. Maji yatokayo hayapungui sawasawa na kimo, kwani ili maji yatoke mara mbili, kimo hutakiwa mara nne. Hata hivyo, hapa mwenye kuoga jioni atapata pungufu kwa kiasi cha theluthi moja kuliko aliyeoga asubuhi tangi likiwa limejaa. Kwa hiyo hesabu ya kimo ifanywe siku zote kutoka toleo la chini la tangi, si kutoka mfuniko.

Tuseme sasa juu ya slabu ile pajengwe kuta fupi za kulipandisha tangi mita 1.5 zaidi. Kimo cha chini kabisa kinakuwa mita 2.4, na cha juu mita 3.6. Maji ya mwisho ya tangi yatatoka zaidi ya mara moja na nusu ya yale ya mpango wa kwanza, na tofauti ya asubuhi na jioni itakuwa kama moja ya tano tu. Hilo ndilo shauri letu kwa kijana yule. Kama anataka hita ya umeme ya kwenye bomba la mvua, asome kwanza karatasi yake, maana hita hizo haziwaki presha ikiwa chini ya kiasi kilichoandikwa. Kadhalika achague bomba la mvua la presha ndogo.

Kimo hicho huweza kupotea njiani. Maji yakipita lita 7 kwa dakika katika bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 12, karibu nusu mita ya kimo huliwa na msuguano. Ukitumia bomba la robo tatu inchi, hasara hushuka hadi karibu robo ya hiyo. Ndiyo sababu twasema tangi liwe juu ya bafu lenyewe au jirani yake, na jiko liwe upande huohuo. Bomba nalo lishuke moja kwa moja. Likipandishwa darini kisha likashushwa, hewa hunasa kwenye nundu na maji hukatika ingawa tangi limejaa.

Uzito usisahauliwe. Lita 1000 ni tani moja, na lita 2000 ni tani mbili, mbali na tangi lenyewe. Mzigo huo haukai juu ya mbao za paa. Slabu, boriti na msingi wa bafu vipimwe kwa ajili yake kabla ya kuta kufika kwenye linta, kwa sababu baada ya hapo haitabaki njia ila kujenga mnara wa nje wenye msingi wake peke yake. Na kwa kuwa Singida ni nchi ya upepo, tangi lifungwe imara, kwani tangi tupu la plastiki hupeperushwa.

Kisha liko jambo ambalo wengi huligundua nyumba ikiwa imekwisha: maji yatafikaje huko juu? Tangi hili mdomo wake utakuwa karibu mita 6 kutoka sakafuni. Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja, na watu huikinga kutoka kwenye bati, lakini mfereji wa bati uko chini ya tangi hilo. Basi maji ya mvua yataingia kwanza katika tangi la chini, na pampu ndogo itayapandisha. Kwa maji ya bomba la mtaa, simamisha bomba mpaka mita 6 uone kama yanafika, nawe ujaribu zaidi ya siku moja. Yasipofika, nayo yapitie tangi la chini.

Kwa mwenye nyumba iliyokwisha jengwa ambaye maji yake ni dhaifu, liko jaribio rahisi. Fungua kichwa cha bomba la mvua, funga hapo mpira unaopitisha nuru, uinue ncha yake wima, kisha fungua koki. Maji yatapanda ndani ya mpira mpaka usawa wa maji ya tangi na kusimama. Yakisimama karibu tu juu ya kichwa chako, kasoro ni kimo, na dawa yake ni kuinua tangi. Yakipanda juu vizuri lakini bomba la mvua bado linadondoka, kasoro ni njia: bomba jembamba, koki isiyofunguka yote, hewa, au matundu yaliyoziba. Huyo asijenge mnara. Na atakayerekebisha aweke ndoo ya lita 20 chini ya bomba kabla na baada. Ikijaa kwa dakika tatu hivi, anapata kama lita 7 kwa dakika, na hizo zatosha mtu kuoga.

Katibu