Kutoka sauti ya WhatsApp hadi dokezo sabili

“Shikamoo dokta, samahani kwa usumbufu asubuhi yote hii. Lile friji la chanjo limetuangusha tena. Nimefungua saa moja na nusu hii nakuta nyuzi kumi na moja, nimechoka kabisa. Na yule mlinzi tulimwambia umeme ukikatika awashe jenereta, hakuwasha, anasema mafuta hakuna. Umeme ulikatika jana saa mbili usiku, ila ulirudi hata saa sita haijafika. Chanjo nimezihamishia kwenye boksi la baridi. Yule fundi wa mwezi uliopita si alisema kompresa imechoka? Laki nne na nusu alitaka. Na Jumatatu tuna mkoba. Sasa sijui tunafanyaje, dokta.”

Huu ni mfano tu, lakini sauti za namna hii hutumwa kila siku. Tuseme anayeongea ni muuguzi msimamizi wa chanjo katika kituo cha afya, na anayesikiliza ni Mganga Mfawidhi. Mganga anamjibu: “Niletee kwa maandishi.” Kwenye ofisi za umma za Tanzania maandishi hayo huitwa dokezo sabili, kwingineko wengi husema memo. Ni karatasi ya ndani ya ofisi, yenye aya zilizopewa namba, ambayo mkubwa huisoma kisha akaandika uamuzi wake chini yake.

Kosa la kawaida ni kuichukua sauti ilivyo, kuivika maneno ya heshima, na kuipeleka kwa mpangilio uleule. Muuguzi ameanza na kilichomshtua, akaenda kwa aliyemkasirisha, ndipo akakumbuka umeme. Msomaji wa dokezo anatakiwa kuamua kuhusu fedha, na anataka kujua kwa zamu: ninaombwa nini, nini kimetokea, chanzo ni nini, kimefanyika nini hadi sasa, na nikichelewa kitatokea nini.

Kwa hiyo kwanza isikilize sauti yote bila kuandika. Ukirudia, andika kila jambo kwenye mstari wake, hata lile linaloonekana dogo, kisha pembeni ya kila mstari weka neno moja: tukio, chanzo, hatua, ombi, au lawama. Mstari usiopata neno lolote, kama “nimechoka kabisa”, unabaki kwenye karatasi ya rasimu.

Hapo ndipo mambo yanapojitokeza. Tazama mstari wa umeme kurudi kabla ya saa sita usiku. Muuguzi ameusema kwa haraka, kama jambo la kupita, nami nauona kuwa ndio mzito kuliko yote. Usipouzingatia, mkasa unasomeka hivi: umeme ulikatika, jenereta haikuwashwa, friji likapata joto. Mganga akisoma hivyo atauliza kwa haki kwa nini anunue kompresa wakati tatizo ni mafuta ya jenereta. Ukiuweka mahali pake, habari inageuka. Tangu saa sita usiku hadi saa moja na nusu asubuhi ni saa saba na nusu. Friji lilikuwa na umeme muda wote huo, na bado lilikuwa na nyuzijoto 11. Chanjo za kawaida za kituo hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Friji zima lingekuwa limesharudi kwenye kiwango. Sasa ombi la kompresa lina mguu wa kusimamia, na maneno ya fundi ya mwezi uliopita yanakuwa ushahidi wa pili.

Baada ya kupanga, tafuta mapengo. Kwenye sauti hii ninaona matatu, na yote yanajibiwa kwa simu moja. Je, chanjo zenyewe bado zinafaa? Chupa nyingi za chanjo zina alama ya joto, mraba mdogo ndani ya duara. Mraba hukolea rangi kadiri chanjo inavyopata joto, na ukishafikia rangi ya duara, chanjo hiyo haitumiki tena. Je, bei ya fundi ipo kwa maandishi au ilisemwa kwa mdomo? Na je, saa ya umeme kurudi, muuguzi aliiona mwenyewe au aliambiwa? Usijaze pengo kwa kukisia.

Kisha badilisha maneno ya mdomoni. “Jana” na “Jumatatu” yawe tarehe, kwa sababu dokezo linaweza kusomwa baada ya siku nne. “Saa mbili” iandikwe na usiku wake. “Laki nne na nusu” iwe tarakimu. “Yule fundi” na “lile friji” havimwambii kitu mtu asiyekuwapo. Taja cheo na kifaa.

Tukichukulia kwamba muuguzi amejibu maswali yote, dokezo linakuwa hivi:

DOKEZO SABILI
Tarehe: 12 Machi 2025
KWA: Mganga Mfawidhi
KUTOKA: Msimamizi wa Chanjo
YAH: OMBI LA SH. 450,000/= ZA KUBADILISHA KOMPRESA YA JOKOFU LA CHANJO

1. Leo saa 1:30 asubuhi jokofu la chanjo limekutwa na nyuzijoto 11. Kiwango kinachotakiwa ni kati ya nyuzijoto 2 na 8.

2. Umeme ulikatika tarehe 11 Machi 2025 saa 2:00 usiku na, kwa maelezo ya mlinzi wa zamu, ulirejea kabla ya saa 6:00 usiku. Jokofu lilikuwa na umeme kwa zaidi ya saa saba bila kurudi kwenye kiwango. Fundi aliyelikagua mwezi Februari alishauri kompresa ibadilishwe. Makadirio yake yameambatishwa.

3. Chanjo zote zimehamishiwa kwenye boksi la baridi. Alama za joto zimekaguliwa chupa kwa chupa na chanjo bado zinafaa.

4. Huduma ya mkoba imepangwa Jumatatu, tarehe 17 Machi 2025. Boksi la baridi ni hifadhi ya muda tu.

5. Ninaomba idhini ya Sh. 450,000/= ili kazi ikamilike ifikapo Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025.

6. Naomba kuwasilisha.

Desturi yetu ni kuweka ombi mwishoni, na sioni haja ya kuivunja. Lakini kichwa cha habari kinapotaja ombi na kiasi chake, msomaji anazisoma aya zote akijua zinaelekea wapi. Kichwa cha “Tatizo la jokofu” kingemwacha akitafuta.

Mlinzi amebaki kama chanzo cha saa tu. Suala la jenereta kukosa mafuta ni la kweli na linahitaji kushughulikiwa, ila linahitaji uamuzi mwingine, na pengine mtu mwingine wa kuutoa. Liandikiwe dokezo lake. Likichanganywa hapa, mganga anaweza kuanza na mafuta na kompresa ikasubiri. Isitoshe, mlinzi amelaumiwa kwenye sauti bila kuulizwa mafuta yalitakiwa kutolewa na nani. Lawama ya mdomoni hupoa, lakini ikiingia kwenye faili inakaa.

Kabla ya kuchapa nakala ya mwisho, msomee mwenye sauti, maana sahihi itakuwa yake. Kisha jiulize kama mkubwa anaweza kuandika chini yake “Nimeidhinisha, Mhasibu alipe” bila kukupigia simu. Akilazimika kupiga, kuna jambo bado limebaki kwenye sauti. Na sauti yenyewe usiifute hadi uamuzi utoke.