Miti ilitoka wapi? Mahojiano ya lugha mbili mikononi mwa mashine

Ofisa wa mradi wa maendeleo, awe wa Nairobi au wa Dar es Salaam, anaweza kukujibu hivi bila hata kufikiri:

```
Tulisubmit report mwezi wa tatu lakini budget ikawa rejected tukairevise
```

Mwandishi aliyekaa mbele yake hababaiki. Lakini rekodi hiyo ikipitishwa kwenye programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, huku programu imeambiwa kwamba lugha ni Kiswahili, jibu laweza kuwa la namna hii:

```
Tulihesabu miti ripoti mwezi wa tatu lakini bajeti ikawa rijekti tukairivaizi
```

Hakuna aliyetaja miti. Mashine ilisikia sauti iliyo karibu na “tulisabmiti”, na katika Kiswahili ilichofundishwa neno hilo halimo. Kwa kuwa kazi yake ni kutafuta maneno yenye uwezekano mkubwa wa kufuatana, ikachukua yaliyo jirani na sauti hiyo. Msemaji naye aliisaidia kupotea. Wengi wetu tukitia kitenzi cha Kiingereza ndani ya sentensi ya Kiswahili hukitamka kwa irabu zetu, na pengine tunakiongezea moja mwishoni. Kiingereza cha namna hiyo hakifanani na kile ambacho mashine imekisikia kwa wingi, wala si Kiswahili inachokijua.

Mtaalamu wa isimu Carol Myers-Scotton, aliyechunguza mazungumzo ya watu wa Nairobi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1993 kwamba mchanganyiko wa namna hii una kanuni zake. Lugha moja hutoa kiunzi cha sentensi, nyingine inaletea maneno ya kujazia. Katika mfano wetu kiunzi ni cha Kiswahili: “tuli-”, “-kai-”, “ikawa”. Kiingereza kimeleta mashina tu, na mpaka kati ya lugha hizo umepita katikati ya neno. Hapo ndipo penye ugumu, kwani programu nyingi zimetengenezwa kwa dhana kwamba rekodi moja ina lugha moja.

Chukua Whisper, programu ambayo kampuni ya OpenAI iliitoa Septemba 2022 na ambayo leo iko ndani ya huduma nyingi za kunukuu. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Kiingereza kilichukua sehemu kubwa ya saa hizo, na Kiswahili kilipata kiasi kidogo mno. Husoma sauti kwa vipande vya sekunde 30, na kabla ya kuanza kuandika huweka alama ya lugha. Usipoitajia lugha, katika matumizi yake ya kawaida inasikiliza sekunde 30 za mwanzo, inakata shauri, kisha inaendelea na uamuzi huo hadi mwisho wa faili. Sasa fikiria mahojiano yetu yanavyoanza: mgeni anajitambulisha kwa Kiingereza cha ofisini, anataja cheo na shirika lake, halafu ndipo anarudi kwenye Kiswahili kwa dakika 40 zinazobaki. Dakika zote hizo zitasikilizwa kwa sikio la Kiingereza.

Kosa hilo ni la hatari kuliko lile la miti, kwa sababu halionekani. Whisper ilifundishwa pia kutafsiri kwenda Kiingereza, hivyo ikiambiwa lugha ni Kiingereza na ikakutana na Kiswahili, mara nyingi hutafsiri badala ya kunukuu. Unapata aya safi, zenye nukta na mikato mahali pake, ambazo mgeni wako hakuzitamka. Mwandishi mwenye haraka atazitia ndani ya alama za nukuu. Kibaya zaidi, tafsiri yenyewe huteleza palepale penye ukweli wa habari: “saa mbili usiku” inaweza kugeuka saa nane za usiku, kwa kuwa mashine imetafsiri namba ikaacha saa zetu. Dalili ya kuangalia ni rahisi: ukiona nakala ya Kiingereza fasaha mahali ambapo unakumbuka mtu alizungumza Kiswahili, usiiamini.

Wapo wanaomwomba mgeni achague lugha moja. Mimi naona hiyo ni kuharibu mahojiano ili kuifurahisha programu. Mtu huanza kupima maneno, na yale uliyokuja kuyasikia hayasemwi. Afadhali kazi ifanyike baada ya kurekodi.

Ukiwa na maikrofoni mbili, mpe kila mmoja yake, maana watu wakipandiana sauti hakuna mbinu ya baadaye itakayotosha. Kisha sikiliza rekodi mara moja ukiandika ni dakika gani hadi ipi kiunzi ni Kiswahili, na ni wapi mgeni alitoa jibu refu la Kiingereza kitupu. Kata faili kwenye vituo vya pumzi, usikate katikati ya sentensi. Kila kipande kitajie lugha ya kiunzi chake. Sentensi kama ile ya juu ni ya Kiswahili hata kama nusu ya maneno yake ni ya kukopa. Kwa anayetumia Whisper kwenye kompyuta yake, amri ni hizi:

```
ffmpeg -i mahojiano.m4a -ss 00:04:10 -to 00:07:35 -ar 16000 -ac 1 k03.wav
whisper k03.wav --model large-v3 --language sw --initial_prompt "Donor aliapprove proposal, tukasubmit invoice."
```

Sehemu ya mwisho ndiyo yenye faida ambayo wengi hawaijui. Maneno yaliyo kwenye `--initial_prompt` huchukuliwa kana kwamba ni maandishi yaliyotangulia, na mashine huiga mtindo wake. Ikiona kitenzi cha Kiingereza kimevaa viambishi vya Kiswahili, inakuwa tayari kuandika kingine cha aina hiyo. Tia humo pia majina ya watu na mahali. Nafasi yake ni vijipande 224 vya maneno tu, na Kiswahili hukatwa katika vijipande vingi, kwa hiyo sentensi tatu nne zatosha. Dokezo hilo huwa na nguvu zaidi mwanzoni mwa faili, ndiyo sababu nyingine ya kufanya vipande viwe vifupi. Lakini angalia: jina ulilolitia linaweza kujitokeza mahali ambapo halikutajwa.

Utajuaje kama hali imekuwa nzuri? Kipimo cha kawaida huhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha hugawanya kwa idadi ya maneno yaliyosemwa kweli. Sentensi yetu ina maneno kumi. Mashine imebadilisha matano na kuongeza moja, “miti”, kwa hiyo kosa ni asilimia 60. Ila “ripoti”, “bajeti” na “tukairivaizi” ni tofauti ya tahajia tu. Ukikubali tangu mwanzo kwamba maneno yote yaliyokopwa yataandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, zinabaki dosari tatu: “tulihesabu”, “miti”, na “rijekti” iliyokatika mkia. Kosa limeshuka hadi asilimia 30 na mashine haijaguswa. Kwa hiyo amua tahajia kwanza, uiandike, na wote katika chumba cha habari waifuate; vinginevyo utakuwa unapima ubishi wa wahariri.

Uamuzi huohuo utahitajika siku mtakapotaka kuifundisha upya programu kwa sauti zenu wenyewe. Mkusanyo wa wazi unaojulikana zaidi, Common Voice wa Mozilla, sehemu yake kubwa ni watu wanaosoma sentensi zilizokwisha andikwa, na mtu anayesoma hachanganyi lugha kama anayezungumza. Mnachohitaji ni mahojiano halisi yaliyosahihishwa na binadamu, kwa idhini ya waliorekodiwa. Kila chumba cha habari tayari kina rekodi hizo. Kwa kawaida, baada ya habari kuchapwa, nakala iliyosahihishwa hubaki kwenye kompyuta ya mwandishi, na sauti yenyewe hufutwa simu inapojaa.