Fedha Zimeingia Benki, Mlipaji Hajulikani: Jinsi ya Kumuuliza Karani wa Hesabu

Kila mwisho wa mwezi, wahasibu wanaofunga vitabu vya shule za binafsi hutuma ujumbe unaofanana na huu: "Dada habari. Kuna hela zimeingia benki mwezi wa nne sizielewi. Naomba maelezo haraka, nataka kufunga vitabu." Karani wa hesabu akiupokea, anajibu kwa swali: zipi hizo? Mhasibu anapiga picha ukurasa wa taarifa ya benki na kuutuma wote. Karani anaukodolea macho, anaweka alama kwenye miamala anayoikumbuka, na iliyobaki anaipangia wanafunzi ambao madeni yao yanakaribiana na kiasi kilicholipwa. Vitabu vinafungwa. Mwezi wa sita mzazi anakuja juu na slipu yake mkononi, mtoto karudishwa nyumbani kwa ada iliyokwisha kulipwa, na hakuna ajuaye fedha zake ziliandikwa kwa nani.

Chanzo cha fujo hiyo ni ule ujumbe wa kwanza. Ninaupitia hapa upya kwa mfano wa shule moja ya sekondari ya bweni ninayoiundia takwimu, kwa sababu ada ya shule ndiyo inayoonyesha ugumu wa kazi hii kuliko biashara nyingine. Wazazi wanalipa kwa wakala wa benki, kwa simu, au wanamtuma mtu dirishani. Jina linalotokea kwenye taarifa ya benki mara nyingi ni la mjomba, la mwajiri, au halipo kabisa. Na kwa kuwa ada ni moja kwa wote, malipo ya Sh 450,000 yanaweza kuwa ya mwanafunzi yeyote kati ya mia mbili. Kiasi peke yake hakimtambulishi mlipaji.

Kabla ya kuandika, mhasibu ana kazi yake ya kumaliza. Anachukua taarifa ya benki na daftari la fedha, anatia alama kila muamala uliopo pande zote mbili, kisha anaangalia mabaki. Katika mabaki hayo anajaribu mambo mawili. Kwanza, je, kuna stakabadhi mbili au tatu ambazo zikijumlishwa zinalingana na muamala mmoja wa benki? Mzazi mwenye watoto wawili hulipa mara moja, karani akaandika stakabadhi mbili. Pili, je, tarehe ndizo zinazopishana? Benki huandika siku fedha zilipoingia, ilhali karani huandika siku mzazi alipoleta slipu, na kati ya hizo mbili zinaweza kupita wiki tatu, hata mwezi mwingine ukaingia. Anayetafuta stakabadhi ya tarehe ileile ya benki atadhani fedha hazijulikani kumbe zimeshaandikwa mbele.

Yanayobaki baada ya hapo ndiyo ya kumuuliza karani. Na hapa pana uamuzi ambao wahasibu wengi hawaufikirii: umpe nini, na usimpe nini.

Umpe vya kutafutia: tarehe ya benki, kiasi, njia ya malipo, na maneno ya benki yalivyo, bila kuyatafsiri wala kuyafupisha. Ukiandika "malipo ya wakala" badala ya `AGENT DEP ADA F2`, umemnyima karani ile "F2", na huenda ndiyo inayomwambia kuwa ni ada ya kidato cha pili. Lakini namba ya muamala usimpe. Hiyo ibaki kwako, umwombe yeye akusomee kutoka kwenye slipu ya mzazi au ujumbe wa simu. Ikilingana na ya benki, umepata uthibitisho ambao haukutokana na swali lako. Ukimtumia namba hiyo, jibu lolote litakalorudi litakuwa nayo, liwe la kweli au la kukisia.

Simaanishi kwamba karani ni mwizi. Karani mwaminifu anayeharakishwa hukisia, na kisio lake likishaingia kwenye leja halitofautiani kwa sura na ukweli. Ila wakaguzi wanajua pia kwamba malipo yasiyo na mwenyewe ndiyo maficho rahisi ya wizi wa ada. Mtu amepokea fedha taslimu za mwanafunzi mmoja akazitumia; yakitokea malipo ya benki yasiyojulikana, anayapeleka kwenye jina la mwanafunzi yule, na pengo linazibika kwa fedha za mzazi mwingine. Kubakiza namba ya muamala kunaufunga mlango huo bila kumtuhumu mtu yeyote.

Basi ujumbe ukiandikwa upya unakuwa hivi:

> Habari za kazi dada, na pole na majukumu.
>
> Nafunga hesabu za Aprili za akaunti ya ada inayoishia na 7731. Yamebaki malipo manne, jumla Sh 2,998,500, yaliyo kwenye taarifa ya benki lakini siyaoni kwenye daftari la fedha. Nimeshapitia stakabadhi namba 2051 hadi 2188.
>
> 1. Tarehe 3 Aprili, Sh 450,000, kwa wakala, `AGENT DEP ADA F2`
> 2. Tarehe 9 Aprili, Sh 900,000, dirishani, `CASH DEP SCHOOL FEES`
> 3. Tarehe 14 Aprili, Sh 448,500, kwa simu, `MOBILE TRF ADA`
> 4. Tarehe 22 Aprili, Sh 1,200,000, kutoka benki nyingine, `INWARD TRF`
>
> Kwa kila moja naomba: aliyelipa ni nani na alilipia nini; kama ni ada, jina na namba ya usajili ya mwanafunzi; namba na tarehe ya stakabadhi kama ulishaitoa; na picha ya slipu au ujumbe wa simu unaoonyesha namba ya muamala.
>
> Usipopata ushahidi wowote, andika tu "sijapata", hakuna ubaya. Tafadhali usipangie kwa kufuata kiasi. Yasiyojulikana nitayaweka kwenye akaunti ya malipo yasiyotambuliwa mpaka tupate mwenyewe.
>
> Naomba majibu kabla ya Alhamisi saa tisa alasiri, unitumie mimi na bwana mkuu wa shule, si kwenye kundi la wafanyakazi, kwa kuwa kuna majina ya wanafunzi.

Ujumbe huu ni mrefu kuliko ule wa kwanza, na urefu wake una sababu. Namba za stakabadhi zilizopitiwa zinamwokoa karani kurudia kazi iliyofanyika, na zinamwonyesha moja kwa moja kwamba stakabadhi inayotafutwa, kama ipo, itakuwa ya namba 2189 kwenda mbele au ipo kwenye kitabu ambacho hakijaletwa. "Alilipia nini" imetangulia "mwanafunzi gani" kwa makusudi, maana si kila fedha iliyoingia kwenye akaunti ya ada ni ada. Na ruhusa ya kujibu "sijapata" ndiyo sentensi ninayoithamini kuliko zote. Karani asipoiona, ataelewa kwamba bosi anataka orodha iliyojaa, naye ataijaza.

Tuone sasa majibu yanavyoweza kurudi. Malipo ya 9 Aprili yanaisha haraka: ni ya ndugu wawili, stakabadhi 2191 na 2192, zote za tarehe 5 Mei, mzazi alipokuja kuwatembelea watoto. Namba ya slipu inalingana. Mhasibu alishindwa kuyaona kwa sababu stakabadhi zilikuwa za mwezi unaofuata.

Ya 3 Aprili yanaleta majibu mawili. Wazazi wawili wa kidato cha pili wanasema walilipa kwa wakala siku za mwanzoni mwa mwezi, kila mmoja Sh 450,000. Hapa ndipo ile namba iliyobakizwa inaposaidia. Slipu ya mzazi wa kwanza inasomeka sawa na ya benki. Ya wa pili hailingani, na mhasibu akifuatilia anaikuta kwenye taarifa ya akaunti nyingine ya shule, ile ya ujenzi. Kama tungepatanisha kwa kiasi, mmoja wa watoto hawa angeweza kuhesabiwa kuwa amelipa kwa fedha za mwenzake, na akaunti ya ujenzi ingebaki na ziada isiyoelezeka.

Ya 22 Aprili si ada. Karani ana barua ya muuza vipuri wa basi la shule, aliyerudisha malipo ya awali kwa kukosa kifaa kilichoagizwa. Fedha hizi zikiandikwa kama ada, makosa yanakuwa mawili kwa mpigo: mapato ya shule yanapanda kwa Sh 1,200,000 ambazo haikuzichuma, na muuza vipuri anaendelea kuonekana kwenye vitabu kama anadaiwa.

Kwa ya 14 Aprili, Sh 448,500, karani ameandika "sijapata". Kishawishi ni kikubwa. Inaelekea kabisa kwamba aliyetumwa alikata Sh 1,500 za gharama ya kutuma kutoka kwenye ada kamili, na orodha ya wadaiwa ina wanafunzi watatu wenye deni la Sh 450,000 barabara. Lakini watatu si mmoja. Kwa hiyo mhasibu anaandika debiti kwenye benki na krediti kwenye akaunti ya malipo yasiyotambuliwa, nayo inakaa upande wa madeni ya shule, si wa mapato. Shule imeshika fedha za mtu, na mpaka mtu huyo ajulikane, shule inadaiwa. Siku akipatikana, akaunti hiyo inapata debiti na leja ya mwanafunzi inapata krediti, tarehe ya benki ikitajwa kwenye maelezo ili atakayekagua aweze kuufuata mkondo mpaka mwanzo.

Kumtafuta mwenyewe kunaendelea kwa njia mbili. Shule inawaandikia wazazi wa wanafunzi hao watatu ikiwaomba walete ushahidi wa malipo yoyote ya Aprili, bila kutaja kiasi wala tarehe, kwa sababu ileile iliyotufanya tubakize namba ya muamala. Wakati huohuo inaiandikia benki barua yenye tarehe, kiasi na namba kamili ya muamala, ikiomba kujua malipo yalianzia wapi. Benki inaweza isitoe kila kitu kuhusu mteja mwingine, lakini mara nyingi hutoa cha kutosha kuelekeza upande wa kutafuta. Na mpaka jibu lije, hakuna kati ya wanafunzi hao watatu anayerudishwa nyumbani kwa ada ya muhula huo, maana mmoja wao huenda ameshalipa.