Asilimia 40 ya nini?

Tuseme afisa mauzo wa sabuni Mwanza anaandika muhtasari wa wasifu wake: "Nimekuza mauzo kwa asilimia 40, nimevuka lengo, nimeleta wateja wapya 30." Meneja mzoefu akisoma hivyo, swali lake la kwanza ni: asilimia 40 ya nini?

Tufungue daftari lake. Mwaka uliotangulia eneo lake liliuza sabuni za shilingi milioni 200, katoni moja ikiwa 40,000. Mwaka huu ni milioni 280, lakini katoni imepanda hadi 50,000. Gawanya uone: katoni zilikuwa 5,000, sasa ni 5,600. Jasho lake ni asilimia 12. Sehemu kubwa ya iliyobaki imeletwa na bei.

Na wale wateja 30? Maduka 11 aliyarithi kwa mwenzake aliyehama. Aliyoyafungua mwenyewe ni 19, na 14 kati yake yaliagiza tena ndani ya miezi mitatu. Mimi ningeitanguliza hiyo 14, maana oda ya kwanza mara nyingi hutokana na punguzo.

Muhtasari wake basi usomeke hivi: "Nimeuza milioni 280 dhidi ya lengo la milioni 250. Bei ilipanda kwa asilimia 25. Idadi ya katoni iliongezeka kwa asilimia 12. Nimefungua maduka 19 ya jumla, 14 yameendelea kununua." Akiulizwa kwenye usaili, kila tarakimu ina ankara nyuma yake.