Talaka Imetoka, Jina Limebaki

William Kennedy alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya kemikali ya DuPont huko Marekani. Alimwoa Liv mwaka 1971, na mwaka 1974 akajaza fomu ya mfuko wa akiba wa wafanyakazi. Palipoulizwa nani alipwe akifa, akaandika jina la mkewe. Hakuweka jina la pili.

Ndoa ilivunjika mwaka 1994. Amri ya mahakama ya Texas ilisema wazi kwamba Liv hana tena haki yoyote katika pensheni na akiba za mumewe za kustaafu. Usingeweza kuomba maneno mepesi zaidi ya hayo kueleweka. Baada ya hapo Kennedy alijaza fomu mpya ya mfuko wa pensheni wa kampuni, akamwandika binti yake Kari. Lakini DuPont ilikuwa na mifuko miwili. Ule wa pili, wa akiba, hakuugusa.

Alifariki mwaka 2001. Katika mfuko wa akiba kulikuwa na takriban dola 400,000. Kari, kama msimamizi wa mirathi, aliomba fedha ziingie kwenye mali ya marehemu baba yake. Mfuko ukafungua jalada, ukaona fomu ya mwaka 1974, ukamlipa Liv. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2009 majaji wote walikubaliana kwamba mfuko haukukosea. Kazi ya mfuko, walisema, ni kufuata nyaraka zake wenyewe. Nyaraka hizo zilieleza namna ya kubadili jina la mnufaika, na Kennedy hakuitumia.

Ukiisoma kesi hii kwa hasira utadhani majaji walipenda karatasi kuliko haki. Mimi naiona tofauti. Karani wa mfuko mwenye wanachama maelfu hawezi kwenda kuchambua kila hukumu ya talaka iliyotolewa nchini ili ajue nani bado ni mke wa nani. Mahakama huvunja ndoa. Jina kwenye jalada la mfuko huondolewa na mwanachama mwenyewe, kwa fomu ya mfuko huo, nayo ipokewe.

Nchini Kenya sheria ni nyingine, lakini mtego ni uleule. Kifungu cha 36A cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu kinasema kwamba mwanachama akifa, mafao yake katika mfuko si sehemu ya mirathi. Wadhamini wa mfuko huyalipa kwa kufuata kanuni za mfuko. Maana yake ni kwamba wosia wako, hata ukiandikwa na wakili mashuhuri wa Nairobi, hauifikii fedha hiyo. Wadhamini wataanza kwa kutazama fomu ya uteuzi. Kama hukumteua mtu, wao ndio wataamua namna ya kugawanya miongoni mwa wanaokutegemea. Kanuni za baadhi ya mifuko huifanya fomu iwafunge wadhamini, na nyingine huichukua kama mwongozo wa matakwa yako. Kwa vyovyote, fomu yenye jina la mtu mliyeachana miaka kumi iliyopita ni mwongozo mbaya.

Hapo ndipo amri ya mahakama inapoingia, na watu wengi huielewa visivyo. Kwa kawaida mwanachama anaruhusiwa kubadili mnufaika wakati wowote, awe ameachana au hajaachana. Amri haimpi ruhusa hiyo. Kazi yake ni kuonyesha kwamba mtu aliyeandikwa kama "mke" au "mume" si mke wala mume tena, tangu tarehe fulani. Siku ukifa na pande mbili zikafika ofisini na makaratasi, wadhamini watakuwa na sababu iliyoandikwa ya kufuata fomu mpya. Bila amri, mtalaka wako anaweza kudai kwamba mlikuwa mmegombana tu, na kwamba fomu mpya uliijaza kwa hasira za wiki moja.

Sasa, amri ipi? Makosa mengi huanzia hapa. Watu hupeleka nakala ya madai yaliyofungua kesi, kwa sababu ndiyo karatasi waliyobaki nayo nyumbani. Madai si hukumu. Wengine hupeleka amri ya kwanza ya talaka, ile ambayo mahakama huitoa kwa muda kabla ya kuikamilisha, mara nyingi baada ya siku 30. Katika kipindi hicho ndoa bado ipo kisheria. Kinachotakiwa ni amri kamili ya talaka, na si picha uliyopiga kwa simu, bali nakala iliyothibitishwa na masjala ya mahakama, yenye muhuri na sahihi. Ukienda kuiomba, chukua nakala tatu au nne kwa mara moja. Utazihitaji, na kurudi masjala kila mara ni adha.

Kwa Waislamu walioachana, mume kutamka talaka au kuandika barua mbele ya wazee hakutoshi ofisini, hata kama kidini mambo yamekwisha. Mfuko utataka karatasi ya Mahakama ya Kadhi. Nimewahi kuwasikia akina mama wa Pwani wakisema, "Aliniacha mbele ya watu, kila mtu anajua." Mtaa mzima unaweza kujua, lakini jalada la mfuko halina masikio.

Kabla hujapeleka amri hiyo, isome mwenyewe hadi mwisho. Pengine wewe na mtalaka wako mlikubaliana mahakamani kwamba abaki mnufaika wa sehemu fulani kwa ajili ya watoto mpaka wafikishe miaka 18. Sharti kama hilo likiwemo, kuliondoa jina lake kutakuwa kuvunja amri ileile unayoiambatisha kama ushahidi. Hapo rudi kwa wakili kwanza. Tena usichanganye mambo mawili: kugawana mali ya ndoa ni suala moja, na nani alipwe ukifa ni suala jingine. Amri inaweza kulimaliza la kwanza bila kuligusa la pili hata kwa neno moja.

Ombi lenyewe ni fupi. Peleka fomu mpya ya mfuko, kwa kuwa barua peke yake mara nyingi haikubaliki, kisha uambatishe barua ya kueleza. Inaweza kusomeka hivi:

"Mimi ni mwanachama wa mfuko huu, nambari ya uanachama ni kama ilivyoandikwa juu. Ndoa yangu na mtu niliyemtaja kwenye fomu ya awali ilivunjwa na mahakama, na amri kamili imeambatishwa. Naomba jina lake liondolewe, na uteuzi wote niliowahi kufanya kabla ya leo ufutwe. Nimeambatisha fomu mpya ya uteuzi, nakala ya amri iliyothibitishwa na nakala ya kitambulisho changu. Naomba mnijulishe kwa maandishi tarehe mliyoingiza mabadiliko haya, pamoja na majina na asilimia kama yanavyoonekana sasa kwenye kumbukumbu zenu."

Sentensi inayofuta uteuzi wote wa zamani ndiyo yenye uzito, kwa sababu fomu mbili zinazopingana katika jalada moja ni kesi inayosubiri mwenyewe afe. Sentensi ya mwisho nayo usiiache. Watu huikabidhi fomu kwa ofisi ya wafanyakazi kazini na kuhesabu shughuli imekwisha. Kumbe kumbukumbu za wanachama mara nyingi ziko kwa kampuni nyingine kabisa, ile iliyoajiriwa na wadhamini kuendesha mfuko. Fomu ikilala kwenye droo ya mwajiri, kwa mfuko ni kama haijaandikwa. Kwa hiyo gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na baada ya wiki chache omba taarifa ya uanachama inayoonyesha wanufaika. Jina la zamani likiwa bado lipo, utajua mapema ungali hai wa kulalamika.

Katika fomu yenyewe, tazama asilimia. Tuseme mwalimu alikuwa amemwandikia mumewe asilimia 60 na watoto wawili asilimia 20 kila mmoja. Ameachana, anafuta jina la mume, na anaacha zile 20 mbili kama zilivyo. Jumla sasa ni 40. Asilimia 60 haina mwenyewe, na wadhamini ndio watakaolazimika kuamua iende wapi. Alipaswa kuandika upya 50 na 50, au kumwongeza mama yake. Watoto wake wakiwa wadogo kuna jambo jingine linalosahauliwa: mtoto hawezi kupokea fedha hizo mwenyewe, hivyo fomu huuliza nani azishike kwa niaba yake. Pasipojazwa, yumkini mlezi atakayejitokeza ni yuleyule mtalaka, kwa kuwa ndiye mzazi aliyebaki. Huenda hilo ndilo unalolitaka. Kama silo, andika jina la mtu mwingine, na umwambie mwenyewe kwamba umemwandika.

Hakikisha pia majina yanalingana. Wanawake wengi huingia kazini kwa jina la baba, wakaoana na kuchukua la mume, kisha amri ya talaka ikatoka kwa mojawapo tu. Karani akiona jina moja kwenye kitambulisho na jingine kwenye amri, ombi litarudishwa. Kiapo kilichosainiwa mbele ya kamishna wa viapo, kinachoeleza kuwa majina yote mawili ni ya mtu mmoja, humaliza usumbufu huo.

Halafu turudi kwa Kennedy, aliyebadilisha fomu moja akaisahau nyingine. Keti uandike kila mahali ulipowahi kufanya kazi. Ukiacha kazi, huenda sehemu ya mafao yako ilibaki katika mfuko wa mwajiri wa zamani, na fomu yako ya ujana ikabaki nayo. Bima ya maisha ya kikundi inayolipwa na mwajiri nayo huwa na fomu yake. Mfuko wa binafsi uliojiunga nao, akiba ya chama cha ushirika, kila kimoja kina jalada lake na kila kimoja kinahitaji ombi lake na nakala yake ya amri. Ndiyo sababu nilisema uchukue nakala tatu au nne.

Mfuko ukikaa kimya au ukikataa bila sababu, waandikie wadhamini moja kwa moja, si karani tena, ukiambatisha nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakizidi kunyamaza, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, ambayo ndiyo inayosimamia mifuko hii nchini. Na kama umeachana na bado hujaomba chochote, kesho uliza kazini fomu yako ya uteuzi iko wapi, kisha uombe uione kwa macho yako.