Kufasiri Gumzo la Simu Lililopigwa Picha: Kiarabu cha Ghuba kwa Kiswahili

Wanawake wengi wa Kenya huenda kufanya kazi za nyumbani Saudia na nchi nyingine za Ghuba. Inapozuka tofauti kati ya mmoja wao na mwajiri wake, ushahidi alio nao mara nyingi si mkataba wala stakabadhi ya malipo, bali ni picha za skrini ya simu yake, zikionyesha maneno waliyoandikiana kwa WhatsApp. Picha hizo hufikishwa kwa mfasiri na jamaa, wakili au ofisa wa kazi, na kila mmoja wao huuliza swali lile lile: mwajiri aliahidi nini?

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba swali hilo si la mfasiri kulijibu. Wajibu wake ni kumfikishia msomaji wa Kiswahili maneno, mzaha, misimu na emoji, pamoja na utata uliomo ndani yake, bila ya kuupunguza wala kuuongeza. Aidha yataonyesha kwamba kinachompoteza mfasiri wa Kiswahili katika kazi hii si Kiarabu asichokijua, bali ni kile anachodhani anakijua.

Maandishi yenyewe

Mfanyakazi aliyejifunza Kiarabu kwa kusikia, wala hajui hati yake, huandikiwa kwa herufi za Kirumi. Sauti ambazo herufi hizo hazina, hutiliwa tarakimu: 3 ni aini, 7 ni ile ha itokayo kooni, 5 ni kha, na 2 ni hamza. Mazungumzo yafuatayo yametungwa kwa ajili ya maelezo haya, lakini maneno yake ni ya matumizi ya kawaida. "F" ni mfanyakazi na "M" ni mwajiri wake, naye pia ni mwanamke.

1. F: madam salam. alratib shahrain ma fi
2. M: abshiri ya 7abibti 🌹
3. F: mata?
4. M: bukra inshallah
5. F: ana ta3bana
6. M: hhhhh kul yom ta3bana 😂
7. M: 5alas la t5afeen 👍
8. F: madam?

Hatua ya kwanza ni kunakili picha herufi kwa herufi kabla ya kufasiri hata neno moja. Hapo ndipo tarakimu huleta hasara. Mnakili asiyejua desturi hii huweza kuiona 5 ya "5alas" akadhani ni hesabu ya fedha au ya siku. Kanuni ni nyepesi: tarakimu iliyogandamana na herufi ni herufi, na iliyosimama peke yake ni hesabu. Panapokuwa na shaka, mnakili huiacha ilivyo na kuitaja shaka yake pembeni.

Katika kunakili huko, yapo pia mambo yasiyo maneno. Katika WhatsApp, jumbe za mwenye simu kwa kawaida huwa upande wa kulia na za mwenzake upande wa kushoto. Kwa hiyo picha huweza kujulisha ilipigwa katika simu ya nani. Ujumbe wa mwenye simu huwa na alama ya vema: moja ya kijivu ni kwamba umetumwa, mbili za kijivu ni kwamba umefika, na mbili za buluu ni kwamba umesomwa. Iwapo ujumbe wa 8 una vema mbili za kijivu, mfasiri huandika "umefika". Hana ruhusa ya kuandika "haukusomwa", kwa sababu mtumiaji aweza kuizima alama ya kusoma katika simu yake. Tangu mwaka wa 2023 ujumbe pia waweza kuhaririwa katika dakika 15 baada ya kutumwa, na neno la kuonyesha hivyo hubaki kando ya saa. Neno hilo dogo nalo hunakiliwa.

Maneno yanayofanana

Kiswahili kimechukua maneno mengi kutoka Kiarabu, na maneno hayo yameishi Afrika Mashariki kwa karne nyingi yakajipatia maana zake. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anapoona "alratib" hukumbuka ratiba, akadhani F anauliza mpango wa kazi wa miezi miwili. Katika Kiarabu cha leo neno hilo ni mshahara. Kosa hili moja lingeliondoa dai lote katika mazungumzo, na tafsiri ingeendelea kusomeka vizuri bila ya mtu kushtuka.

Ujumbe wa 5 una mitego miwili. "Ana" hapa ni nafsi ya kwanza, yaani mimi. Si kitenzi cha Kiswahili cha mtu mwingine kuwa na kitu. "Ta3bana" nalo limekaribiana kwa sauti na taabani, lakini mtu aliye taabani kwa Kiswahili amefikwa na dhiki kubwa, pengine ni mahututi. Neno la Kiarabu ni jepesi zaidi: kwanza ni kuchoka, na katika mazungumzo ya Ghuba ni kuumwa pia. Mfasiri akiandika "niko taabani" amemzidishia F malalamiko. Akiandika "nimechoka" amemnyang'anya uwezekano wa kuwa alikuwa mgonjwa.

Neno hilo hurudiwa na M katika ujumbe wa 6, na kejeli yake, ikiwa ni kejeli, imesimama juu ya marudio hayo. Basi yatakiwa neno moja la Kiswahili lifaalo mahali pote pawili na libebe maana zote mbili. Neno hilo lipo: sijiwezi. Asiyejiweza huenda amechoka, huenda anaumwa. "Sijiwezi," asema mmoja. "Kila siku hujiwezi," ajibu mwenziwe. Utata umehifadhiwa na mwangwi umesikika.

Kwa upande mwingine, pako mahali ambapo udugu wa lugha hizi mbili humsaidia mfasiri. "Bukra inshallah" ni kesho Mungu akipenda, lakini msemaji wa Kiarabu huweza kukusudia ahadi ya kweli, au kuahirisha kwa adabu jambo asilopenda kulikataa. Inshallah ya Kiswahili ina tabia hiyo hiyo. Mfasiri aandike "kesho inshallah" na kunyamaza. "5alas" pia humaanisha kwamba jambo limekwisha, ama kwa kukubaliwa ama kwa kufungwa mlango. Nalo "basi" la Kiswahili hufanya kazi zote mbili.

"Abshiri" halina bahati hiyo. Lina asili moja na bishara na kubashiri, na kwa neno kwa neno ni "furahia habari njema". Katika Saudia ni jibu la anayeombwa jambo akalipokea ombi: haya, litatendeka. Halitaji malipo wala tarehe. Walakini halikani deni. "Haya, litatendeka" huyahifadhi yote hayo, na maana ya neno kwa neno huwekwa katika maelezo.

"7abibti" ni mpenzi wangu. Baina ya wanawake wa Ghuba ni neno la kuitana kwa kawaida, na msomaji wa Mombasa au Lamu hatashangazwa nalo. Msomaji wa bara aweza kudhani pana mapenzi au dhihaka. Neno libaki, na desturi ielezwe kwa sentensi moja.

Sauti ya kila mmoja

Kiarabu cha F ni cha vipande. "Ma fi", yaani hakuna, ni usemi unaosikika sana kwa wafanyakazi wageni wa Ghuba. Mfasiri mwenye huruma hutamani kumwandikia: "Bado sijalipwa mshahara wangu wa miezi miwili." Hiyo ni sauti ya wakili. F alisema: "Mshahara miezi miwili hakuna." Kuvunjika kwa sentensi ni sehemu ya ushahidi, kwani humwonyesha msomaji kwamba F hakuimudu lugha ambayo ahadi ilitolewa. Msomaji huweza kujiuliza kama alilielewa "abshiri" jinsi lilivyokusudiwa.

"Hhhhh" ni kicheko, ha iliyorudiwa bila irabu. Kwa Kiswahili huandikwa "hahaha", wala hakuongezwi mabano yenye maneno "kwa dharau". Yaliyo wazi ni kwamba kicheko kimetangulia sentensi, na hakuna swali la kumjulia hali lililofuata. Msomaji ataona mpangilio huo mwenyewe, mradi haukuvurugwa.

Emoji

Wafasiri wengine huziacha emoji wakidhani ni mapambo. Mwaka wa 2023 mahakama ya Saskatchewan, nchini Kanada, iliamua kwamba 👍 iliyotumwa na mkulima kujibu picha ya mkataba wa kuuza mbegu za kitani ilitosha kuwa saini yake, na mahakama ya rufani ya huko ikaukubali uamuzi huo mwaka wa 2024. Mazingira yalikuwa na uzito wake: wafanyabiashara hao walikuwa wamekwisha kufungamana kwa majibu mafupi namna hiyo hapo kabla. Kidole cha ujumbe wa 7 hakipati nguvu hiyo kwa kufanana tu. Kimekuja baada ya "basi, usiogope", na chaweza kuwa ahadi, au kufunga mazungumzo.

Njia salama ni kuirudisha emoji ile ile mahali pake, na kuieleza pembeni. Waridi 🌹 katika gumzo la Waarabu huwa ni ishara ya adabu hata kati ya wanaume, si lazima iwe ya mahaba. 😂 kwa jina lake rasmi la Yunikodi ni uso wenye machozi ya furaha. Msomaji asiyezoea, akiyaona machozi, aweza kudhani M anamlilia F.

Lakini umbo nalo si thabiti. Kila kampuni huchora emoji zake, na picha huonyesha umbo lililoonekana katika simu iliyopigwa picha, wala si lazima liwe lile aliloliona mtumaji. Mwaka wa 2016 kampuni ya Apple iliigeuza bastola kuwa bastola ya maji, na kampuni nyingine kubwa zikafuata hadi 2018. Katika kipindi hicho mmoja aliweza kutuma mchezo, mwenziwe akapokea silaha. Kwa sababu hiyo hutajwa aina ya simu, ikijulikana.

Tafsiri iliyokamilika

Hati bora huwa na safu tatu: nakala, tafsiri na maelezo. Safu ya pili itasomeka hivi:

1. F: Madam salam. Mshahara miezi miwili hakuna
2. M: Haya mpenzi wangu, litatendeka 🌹
3. F: Lini?
4. M: Kesho inshallah
5. F: Mimi sijiwezi
6. M: Hahaha kila siku hujiwezi 😂
7. M: Basi usiogope 👍
8. F: Madam?

Hati hii haithibitishi kwamba picha ni ya kweli, wala kwamba hakuna ujumbe uliokatwa juu au chini. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya hudai hati nyingine kuhusu jinsi rekodi ya kielektroniki ilivyopatikana, na hiyo si kazi ya mfasiri. Kilichomo katika safu hii ni kwamba mshahara wa miezi miwili ulitajwa, ombi likapokelewa kwa maneno mazuri, kesho ikatajwa, na mwenye ombi akachekwa. Kama hiyo ni ahadi au ni danganya toto, hakimu au ofisa wa kazi sasa ana maneno ya kumwezesha kuamua, naye ataamua akiwa na shaka zile zile ambazo angekuwa nazo kama angekijua Kiarabu.