Misuli Inapokonda Bila Ganzi

Katika maduka ya dawa, karibu kila lalamiko la "mishipa ya fahamu" hujibiwa kwa bidhaa zilezile: vidonge au sindano za vitamini B, mafuta ya kuchua na dawa za mitishamba. Kwa mtu mwenye ganzi ya miguu iliyosababishwa na upungufu wa vitamini B12, vitamini hiyo ni tiba halisi. Upo, hata hivyo, ugonjwa unaolegeza na kukondesha misuli pasipo ganzi yoyote, na bidhaa hizo haziugusi. Ni ugonjwa wa neva za mwendo, yaani neva zinazoamrisha misuli.

Amri ya kusogeza kidole hupita katika seli mbili zinazopokezana. Ya kwanza, neva ya mwendo ya juu, huanzia kwenye tabaka la nje la ubongo na kuteremka ndani ya ugwe wa mgongo. Hapo huikabidhi amri seli ya pili, neva ya mwendo ya chini, iliyo upande wa mbele wa ugwe, ambayo uzi wake hutoka nje hadi kwenye msuli wenyewe.

Neva ya chini ikifa, msuli hukosa amri na malezi: hulegea, hukonda, na nyuzi zake huchezacheza chini ya ngozi. Neva ya juu ikifa, dalili huwa tofauti kabisa, kwa sababu kazi yake si kuamuru tu bali pia kuzuia. Kizuizi kikiondoka, kiungo hukakamaa, na daktari akigonga kano kwa nyundo ya mpira, kiungo huruka kupita kiasi. Unyayo ukikwaruzwa, kidole gumba cha mguu huinuka badala ya kujikunja. Alama hii Babinski aliieleza mwaka 1896.

Magonjwa mengi huharibu upande mmoja tu. Kiharusi hukata njia ya juu. Jeraha la neva ya mkono hukata ya chini. Ugonjwa huu huua seli za aina zote mbili, kila moja mahali pake, na ndiyo maana dalili zinazopingana hukutana katika mwili mmoja. Charcot, daktari wa Paris aliyeupa jina umbo lake la kawaida mwaka 1874, alilitunga jina hilo kwa kuunganisha mambo mawili: kukonda kwa misuli na ugumu wa pembeni mwa ugwe, ambamo nyuzi za juu hupita.

Tuchukue mfano wa fundi seremala wa miaka 58. Kwa miezi sita mkono wake wa kulia umeshindwa kushika msumeno vizuri, na nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada imebonyea. Misuli ya bega huchezacheza. Msuli uliokonda hivyo tungetarajia uwe mzito kuitikia nyundo, lakini mkono huohuo huruka kwa nguvu: neva chache za chini zilizosalia zinafanya kazi bila kizuizi. Akichomwa kwa pini, anahisi kila mchomo sawasawa.

Hisia husalimika kwa sababu seli zake ni nyingine. Hukaa katika vifundo vilivyo nje ya ugwe, na nyuzi zake hupanda kwa njia zake zenyewe hadi ubongoni. Mabadiliko madogo huweza kupatikana humo, lakini mgonjwa kwa kawaida hapati ganzi. Kwa hiyo ganzi ikiwa ndiyo shida kuu, sababu nyingine hutafutwa kwanza: kisukari, ukoma, upungufu wa B12 au neva iliyobanwa.

Mfano wetu una mtego mmoja, nao ndio tunaotaka msomaji aukumbuke. Mifupa ya shingo iliyochakaa huweza kubana ugwe pamoja na mizizi ya neva, ikakondesha mikono na kukakamaza miguu. Mara nyingi huja na maumivu ya shingo au ganzi, ila si kila mara, na upasuaji huweza kuzuia madhara yasizidi. Fundi huyo asipewe jina la ugonjwa wa neva za mwendo kabla ya kupigwa picha ya shingo kwa mashine ya sumaku. Ulimi uliokonda na kuchezacheza hauwezi kuelezwa na shingo, maana neva zake hutoka juu zaidi. Kope inayochezacheza peke yake, bila udhaifu wowote, kwa kawaida ni uchovu tu.

Dawa ya riluzoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, katika majaribio iliongeza maisha kwa takriban miezi miwili hadi mitatu. Haimrudishii mgonjwa msuli uliokwisha kukonda, na muuzaji anayeahidi kuurudisha kwa chupa tatu za dawa yake hana ushahidi wa kutuonyesha.